Goma: Mpango wa biolojia ulioanzia kwenye kopo la maharagi

Kando ya mji wa Goma, mwalimu mmoja wa biolojia wa shule ya sekondari aliketi Jumapili jioni na daftari lake, akapiga mistari ya mpango wa muhula: wiki, somo, vifaa, zoezi la vitendo. Safari hii hakufuata kurasa za kitabu. Aliandika kwanza mazoezi, kisha akahesabu siku kurudi nyuma.

Sababu anaijua mwenyewe. Mwaka uliopita alifundisha namna jani linavyotengeneza chakula kwa mwangaza wa jua. Asubuhi ya zoezi alifunika sehemu ya jani kwa karatasi nyeusi, na alasiri akalidondoshea yodi. Jani lote likageuka jeusi. Wanafunzi wakaandika kwamba mmea hauhitaji mwangaza. Macho yao hayakukosea, ila jani lilikuwa bado na wanga wa jana.

Kwa hiyo sasa maharagi yanapandwa katika makopo wiki ya kwanza. Wiki ya pili yanatumika kwa somo la kuota kwa mbegu. Wiki ya nne, yakiwa na majani ya kutosha, yanatumika kwa somo la mwangaza. Makopo mengine mawili yanapandwa wiki moja baadaye, kwani mbegu nyingine huoza.

Zoezi lenyewe ni Alhamisi alasiri. Hivyo Jumatatu jioni kopo linawekwa ndani ya sanduku lenye giza, ili jani limalize wanga wake. Alhamisi asubuhi sehemu ya jani inafunikwa kwa karatasi, kisha kopo linatolewa juani. Darasani jani linachovywa katika maji yanayochemka kwa dakika moja, halafu linatiwa katika kikombe cha alkoli kilichosimamishwa ndani ya maji ya moto. Hapo mpango una onyo lililopigiwa mstari: moto uzimwe kwanza, maana alkoli huwaka haraka. Jani likishapauka linasuuzwa, kisha linatiwa yodi ya famasia. Palipopata jua panakuwa peusi, palipofunikwa panabaki na rangi ya kahawia ya yodi.

Wiki ya tano ameiacha wazi. Shule ikifungwa siku kadhaa kwa sababu ya usalama, masomo ya kunakili yatasogezwa huko, lakini maharagi hayatangoji.

Jambo la mwisho ni la watoto wa familia zilizohama. Wengine wanaingia katikati ya muhula, wengine wanaondoka bila kuaga. Kwa hiyo kila mwanafunzi ananakili mpango huo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake na kutia alama kila somo linapokwisha. Akifika shule nyingine, mwalimu wa huko atafungua ukurasa mmoja tu na kujua mtoto aliishia wapi, na zoezi gani hajalifanya kwa mikono yake.