Nilivyoacha Kukata Kingo za Panorama

Kwa muda mrefu nilikuwa mtu wa kukata. Nikishaunga picha kwenye kompyuta, kingo zinatoka ngazi-ngazi, pembeni matundu matupu, nami nakata mpaka ubaki mstatili. Kreta ya Ngorongoro ndiyo iliyonigeuza.

Nilisimama ukingoni na lenzi ya milimita 50, kamera wima, nikapiga picha nane kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikiingia ndani ya jirani yake kwa theluthi hivi. Mwangaza nilikuwa nimeuweka kwa mkono. Kamera ikiachiwa ijipangie, hufifisha anga upande wa jua na kuling'arisha upande wa pili, na maungio huonekana kama viraka.

Sasa, ukigeuka bila stendi, mkono hushuka kidogo kidogo wala husikii. Photomerge ilipomaliza kuunga, picha za kulia zilikuwa zimekaa chini kuliko za kushoto, kwa hiyo juu kulia kulikuwa na tundu, na chini kushoto lingine. Kukata kungeondoa majani yote ya ukingoni, na hayo ndiyo yanayolipa jicho pa kusimama. Bila majani, shimo lenye kina cha mita 600 hivi huonekana kama uwanja wa mpira.

Basi nikajaza. Anga lilijazika mara moja, maana wingu jepesi halina umbo la kudai. Kioja kilikuwa chini kushoto: katikati ya majani kilitokea kipande cheupe cha Ziwa Magadi, lile la ndani ya kreta! Content-Aware Fill haijui jani wala ziwa. Huchota sehemu nyingine za picha zinazoelekea kulingana na mpaka wa tundu. Kwenye dirisha lake, eneo inakochota hupakwa kijani. Niliifuta kijani hiyo kwa brashi kila mahali, nikaiacha kwenye majani ya karibu tu, kisha nikajaza vipande vidogo vidogo, kila kimoja kwenye leya yake ili kikiharibika nikifute peke yake.

Baada ya hapo nilikuza picha hadi 100% kutafuta mapacha. Kichaka kilekile kikitokea mara mbili, na tawi lilelile lililovunjika, mtazamaji ataling'amua hata kama hawezi kusema kinachomsumbua. Nilikipata kimoja, nikakijaza upya kwa majani ya mahali pengine.

Siku hizi naacha nafasi ya ziada juu na chini tangu ninapopiga, na tundu likiangukia nguzo, dirisha au mtu, sijazi. Hapo mkasi bado una kazi. Na mhariri wa gazeti akiiomba ile ya Ngorongoro, nampa iliyokatwa, kwa kuwa majani ya kushoto hayakuwahi kuota pale.