Kabla Uombe Kulipwa kwa Dola, Uliza Mipaka Iko Wapi

Wasee, kuna ushauri mmoja ambao huzunguka mtandaoni kila shilingi ikiyumba: "Ambia mdosi akulipe kwa dola." Mwisho wa 2023 ushauri huo ulikuwa mtamu kweli. Mwaka ulianza dola moja ikiwa karibu shilingi 123, ukaisha ikiwa karibu 157. Mtu aliyekuwa akipata dola 500 kwa mwezi aliongezewa kama elfu 17 na hakuomba mtu.

Sasa chukua mtu aliyeufuata ushauri huo Januari 2024, dola ikicheza karibu na 160. Februari serikali ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5, ikatumia pesa hizo kuanza kununua ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Woga wa kwamba Kenya ingeshindwa kulipa ukapoa, na shilingi ikapanda kwa kasi. Kufikia Aprili dola ilikuwa karibu 130. Dola 500 ambazo Januari zilikuwa 80,000 sasa ni 65,000. Mkataba ni ule ule, kazi ni ile ile, lakini elfu 15 zimepotea kila mwezi, na landilodi hajapunguza hata shilingi.

Maoni yangu ni haya: mshahara wa dola bila mipaka ni kamari, hata kama saa hii unashinda. Ukitaka sehemu ya mshahara iwe kwa dola, jadili kifungu cha marekebisho pamoja nayo.

Kifungu chenyewe si kigumu. Mnaandika bei ya msingi ya dola, yaani ile mliyopigia hesabu siku ya kusaini. Kisha mnachora mipaka miwili, juu na chini. Bei ikicheza ndani ya mipaka, hakuna anayemdai mwenzake. Ikitoka nje, malipo yanarekebishwa. Ni kama mpira: refa hapulizi mpaka uvuke laini.

Nitatumia mkataba wangu kama mfano kwa sababu namba zake nazijua. Mwezi huo wa Januari 2024 nilikuwa najadiliana na studio moja ya video hapa Nairobi. Wateja wao wengi wako nje na wanalipa kwa dola. Tulikubaliana shilingi 60,000 pamoja na dola 500, bei ya msingi 160. Jumla 140,000 kabla ya makato. Mipaka ilikuwa asilimia 5 kila upande, kwa hivyo 152 chini na 168 juu.

Hapo kuna kitu cha kisheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 17, inataka mwajiri alipe mshahara kwa sarafu ya Kenya. Kwa hivyo kwangu dola zilikuwa kipimo tu. Kila mwisho wa mwezi zile 500 zinageuzwa kuwa shilingi kwa bei iliyokubaliwa, na shilingi ndizo zinaingia kwa akaunti. Ndiyo maana huwezi kukwepa swali la bei: lazima mtu aandike ni bei gani.

Rasimu yao ya kwanza ilikuwa na mpaka mmoja tu, ule wa juu. Dola ikipita 168, ziada inabaki kwao. Ikishuka, kimya. Nikamwambia mama wa hesabu, "Madam, tuandike maneno haya haya upande wa chini pia." Akacheka. "Kijana, dola huwa haishuki hii Kenya. Haya, andika." Mwezi huo karibu kila mtu alifikiria vile, na ndiyo sababu mpaka wa chini haukunigharimu kitu. Kinga huwa rahisi kuipata wakati hakuna anayeamini itahitajika.

Baada ya hapo kuna swali ambalo watu wengi hulipita mbio: bei ikivuka mpaka, hesabu inaanzia wapi? Kutoka katikati, ama kutoka kwa mpaka?

Tuseme dola imefika 151.90, senti 10 tu nje ya mpaka wa chini. Hesabu ikianzia katikati, mwajiri anafidia shilingi 8.10 kwa kila dola. Mara 500, hiyo ni 4,050. Lakini kama ingebaki 152.10, angelipa sufuri. Yaani senti 20 zinaamua zaidi ya elfu 4, na kila mwezi mtabishana kuhusu senti. Hesabu ikianzia kwa mpaka, anafidia senti 10 kwa kila dola, jumla shilingi 50. Inapanda polepole kadiri dola inavyozidi kushuka.

Mimi nilichagua kuanzia kwa mpaka. Ndio, inalipa kidogo. Dola ikiwa 130, kutoka katikati ningepata nyongeza ya 15,000, kutoka kwa mpaka ni 11,000. Lakini mwajiri anaweza kuishi nayo, na kifungu ambacho mwajiri anaweza kuishi nacho ndicho kinachodumu. Pia kinakupa picha safi ya maisha yako: kwangu, jumla haikuweza kushuka chini ya 136,000 wala kupita 144,000.

Najua kuna mtu anauliza, "Buda, si basi hiyo ni kama kulipwa shilingi tu?" Karibu, ndio, na kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba, nauli na bando kwa shilingi, hilo ndilo lengo. Ukitaka kuonja zaidi utamu wa dola, panua mipaka. Asilimia 10 ingekuwa 144 hadi 176, na jumla ingecheza kati ya 132,000 na 148,000. Kabla uchague, angalia ni kiasi gani kinaweza kupotea kwa mwezi na bado ulipe bili zako.

Halafu bei yenyewe. Tuliandika wastani wa bei ya Benki Kuu kwa siku 10 za kazi zilizotangulia siku ya kuandaa malipo. Benki Kuu huiweka kwa tovuti yake kila siku ya kazi, kwa hivyo mimi na yeye tunaona namba moja. "Bei ya benki" peke yake haitoshi, kwa sababu benki hununua dola kwa bei ya chini kuliko inavyouza, na kila benki ina yake. Bei ya siku moja nayo ni hatari, kwa sababu sokoni kukichafuka, kulipwa Alhamisi ama Ijumaa kunaweza kubadilisha pesa yako.

Basi dola ikaanguka, na kifungu kikafanya kazi. Mwezi ambao wastani ulikuwa 130, dola 500 zilikuwa 65,000, nyongeza 11,000, shilingi zangu 60,000. Jumla 136,000 badala ya 125,000. Nyongeza hiyo ni mshahara pia, kwa hivyo inakatwa kodi kama kawaida.

Lakini kinga hii ina udhaifu ambao lazima uujue. Studio inapata dola. Dola ikishuka, mapato yao kwa shilingi yanashuka pia, na wakati huo huo kifungu kinawataka waniongezee. Kinawauma siku ambayo tayari wana jeraha. Kwa hivyo uliza mwajiri wako anapata pesa kwa sarafu gani. Kama wateja wake ni wa dola, usimbane kwa mipaka myembamba sana, maana kifungu kizuri kwa kampuni iliyofungwa hakikusaidii.

Na hivyo ndivyo ilivyokuja. Katikati ya mwaka, dola ikiwa imetulia karibu na 130, waliniita. "Tusogeze bei ya msingi iwe 130, tuendane na soko." Inasikika poa, lakini piga hesabu. Msingi ukiwa 130, mipaka inakuwa 123.50 na 136.50. Dola ya 130 iko katikati kabisa, kwa hivyo nyongeza ni sufuri. Ningerudi kwa 125,000 siku hiyo hiyo, kwa kubadilisha namba moja tu. Kusogeza msingi bila kugusa kitu kingine ni kupunguza mshahara kwa jina lingine.

Nikawaambia sina shida msingi usogee, mradi ile nyongeza ihamie upande wa shilingi kwanza. Niliomba 11,000 zote. Tukakutana kwa 9,000. Mkataba mpya ukawa shilingi 69,000 pamoja na dola 500, msingi 130, jumla 134,000. Nilipoteza 2,000, lakini 9,000 zikawa mshahara wangu hata dola ifanye nini, na wao wakaondokewa na deni la kila mwezi. Ukiandika kifungu chako, usiache neno kama "bei ya msingi itapitiwa upya" likae peke yake. Andika nyongeza itaenda wapi.

Kwa wanaotaka maneno ya kuanzia, yangu kwa ufupi yanasoma hivi:

"Bei ya msingi ni shilingi 130 kwa dola. Bei ya mwezi ni wastani wa bei ya Benki Kuu ya Kenya kwa siku 10 za kazi kabla ya malipo kuandaliwa. Ikiwa chini ya 123.50, mwajiri ataongeza tofauti kati yake na 123.50 kwa kila dola. Ikiwa juu ya 136.50, ziada juu ya 136.50 itapunguzwa kwa kila dola. Bei ikikaa nje ya mipaka miezi 3 mfululizo, pande zote zitakubaliana kwa maandishi bei mpya ya msingi, na nyongeza ama punguzo la wastani wa miezi hiyo litaingizwa kwanza katika sehemu ya shilingi."

Chini yake weka mifano mitatu ya hesabu, dola ikiwa 115, 130 na 150, na mwajiri asaini hapo pia. Kwangu ni 130,750, kisha 134,000, kisha 137,250. Kama yeye anapata jibu tofauti na lako, afadhali mjue leo. Tangu katikati ya 2024 dola imekaa karibu na 129, na wengi wameanza kuona vifungu hivi kama mapambo. Mimi naona huu ndio wakati wa kukiomba, wakati mdosi bado anacheka na kusema, "Haya, andika."