Hotuba Yangu kwa Akina Mama Wakulima

Likizo iliyopita shangazi yangu, karani wa chama cha akina mama wakulima kijijini kwetu, karibu na Arua, aliniomba niwaeleze wenzake namna ya kuuza kwa simu. Nilikubali upesi, nikidhani ni kazi nyepesi. Kumbe nilikuwa na mengi ya kujifunza.

Tulikusanyika chini ya mwembe, akina mama kumi na wanane. Nilianza na simsim, yaani ufuta, maana ndiyo waliyokuwa wameivuna. Niliwaambia, "Mama zangu, simu ndogo ya vitufe yatosha. Kabla dalali hajafika, wapigieni wanunuzi watatu wa mjini. Msiulize bei ya beseni, kwa sababu beseni la dalali hujazwa mpaka likawa kichuguu. Ulizeni bei ya kilo, tena kama ni simsim iliyopepetwa."

Kisha tukapiga hesabu. Tuseme dalali anatoa shilingi 3,800 kwa kilo, na mjini ni 4,500. Gunia la kilo 80 litaleta 360,000 mjini, nalo kwa dalali ni 304,000. Tofauti ni 56,000. Wakapiga makofi, lakini nikawazuia. Toeni nauli ya gunia, tuseme 10,000. Toeni ada ya kutoa fedha kwa wakala, iliyoandikwa kwenye bango lake, tuseme 7,000. Tena iko kodi ya serikali. Mwaka 2018 ilianza kwa asilimia moja, halafu ikapunguzwa kuwa nusu ya asilimia, nayo hukatwa wakati wa kutoa fedha. Kwa 360,000 ni shilingi 1,800. Jumla ya gharama ni 18,800, na faida inayobaki ni 37,200. Mauzo ya gunia moja yafaa, lakini kwa kilo tano nauli ingemeza faida yote. Kwa hiyo ni heri kukusanya mzigo pamoja.

Kuhusu vikapu niliwaambia wapige picha nje, asubuhi, kikapu kimoja kimoja, na rula kando yake. Mnunuzi wa Kampala hawezi kukishika. Ataamini upana ulioandikwa kwa sentimeta. Naye akiagiza vikapu ishirini, atume nusu ya bei kabla ya kuanza kusuka, na nusu ya pili kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi.

Hapo shangazi akainuka, akasema jambo ambalo hata mimi sikulijua. Mwaka jana aliuza maharage gunia moja. Mnunuzi akamwonyesha ujumbe, na simu ya shangazi nayo ikalia: fedha zimeingia. Gari likaondoka na maharage. Jioni alipokwenda kwa wakala hakukuwa na hata senti. Ujumbe ule ulitoka katika namba ya mtu wa kawaida, ukiwa umeandikwa kwa kuiga ule wa kampuni. "Nilinyamaza kwa aibu," akasema.

Nilisimama kimya kidogo. Ndipo nikawaambia kwamba ujumbe si fedha. Kabla mzigo haujatoka, angalia salio mwenyewe; kwa laini ya MTN ni kupiga *165# na kufuata orodha, bila kumwonyesha mtu namba yako ya siri. Salio lisipoongezeka, gunia libaki. Na mtu akipiga simu kusema, "Nimekutumia kwa makosa, nirudishie," usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie aende kwa kampuni yake, kwani hiyo ndiyo inayoweza kurudisha fedha zilizokosewa njia.

Ndipo bibi mmoja mzee akauliza, "Mwanangu, laini yangu imeandikishwa kwa kitambulisho cha mume wangu. Fedha zikiingia, ni za nani?" Hilo halikuwamo katika karatasi yangu. Nilijibu kwa unyonge kwamba mwenye jina lililoandikishwa ndiye kampuni inayemtambua; hata laini ikipotea, yeye ndiye atakayepewa nyingine. Akina mama wakajadiliana wenyewe kwa muda mrefu. Wakaamua kwamba mwenye kitambulisho aandikishe laini kwa jina lake. Na fedha za chama ziingie kwa mwekahazina, lakini salio lisomwe kwa sauti mbele ya wawili wengine na kuandikwa daftarini siku ile ile.

Wiki ya pili waliuza magunia manne. Shangazi ndiye aliyesoma salio. Alilisoma mara mbili, kisha akamwambia dereva, "Sasa pakia."