Kutoka pambizoni hadi kwenye vigezo

Msahihishaji wa insha huandika maoni kadiri anavyosoma, aya baada ya aya, ilhali alama hutolewa kwa vigezo. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayerudishiwa insha iliyojaa wino mwekundu huona makosa mengi bila kujua yapi yaliyompunguzia alama. Mwalimu anayesimuliwa hapa, aliyefundisha Kiswahili katika sekondari ya Kerenge, wilayani Korogwe, alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kuyahamisha maoni hayo kwenye karatasi ya mrejesho.

Kwanza aliyapa maoni namba kwa mfuatano, kisha akaandika kando ya kila namba herufi ya kigezo: U kwa utangulizi, K kwa kiini, H kwa hitimisho, L kwa lugha. Insha yake ya alama 15 iligawanywa hivi: utangulizi 2, kiini 8, hitimisho 2 na lugha 3.

Insha moja ya kidato cha tatu, kuhusu umuhimu wa mkonge, ilikuwa na maoni tisa. La 1 lilidai maelezo ya mada, likaenda U. La 2 lilikanusha kwamba mkonge uliletwa na Waingereza. La 4 na la 7 yaliuliza tu, “Mfano?” La 5 lilisema hoja imerudiwa. Haya manne yakaingia K. La 3 na la 6 yalihusu upatanisho wa kisarufi, yakaingia L. La 8 lilionyesha hoja mpya iliyozuka mwishoni, likaingia H. La 9, “Jitahidi”, halikuwa na kigezo wala sehemu ya kurejelea, likaachwa.

Maoni yanayofanana huunganishwa, lakini namba za aya hubaki. Hivyo “Mfano?” mbili zikawa sentensi moja: “Aya ya 3 na ya 5 zinataja faida bila mfano, taja kazi au bidhaa inayotokana na mkonge.” Kanusho nalo lilipewa ukweli wake: mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kabla ya utawala wa Waingereza. Hoja iliyorudiwa ingeweza kuwekwa chini ya lugha, lakini maoni yanayogusa vigezo viwili huandikwa mara moja tu, pale alama ilipopotea.

Hatua ya mwisho ni kulinganisha maoni na alama. Katika insha hiyo lugha ilikuwa imepewa 3 kati ya 3, ingawa ilikuwa na maoni mawili. Aya husika zikasomwa upya na alama ikawa 2. Kinyume chake, kigezo kilichopunguziwa alama bila maoni yoyote huonyesha kwamba sababu haikuandikwa. Karatasi haiwezi kuibuni sababu hiyo. Ni lazima msahihishaji airudie insha yenyewe.