Pumzi ya Kutoka Ndiyo Tulizo

Katika kituo tunacholelea watoto baada ya masomo, kona ya utulivu ni mkeka mmoja, mito miwili na kikapu kidogo. Iko pembeni, mahali ambapo mlezi humwona mtoto lakini wenzake hawamkodolei macho. Hapelekwi mtu huko kwa kosa, kwani kona ikigeuzwa adhabu, mwenye hofu hataikaribia tena.

Mtoto akishikwa na hofu, wakubwa wengi humwambia, "Vuta pumzi!" Naye hutii: huvuta pumzi kubwa za harakaharaka, mabega yakipanda. Hewa ya ukaa hupungua mno katika damu yake, kichwa kikamzunguka, vidole vikafa ganzi, na hofu ikazidi. Kinyume chake, pumzi inapotoka polepole, mapigo ya moyo hupungua kasi. Kwa hiyo michezo ya kona yetu ni ya kupuliza.

Wa kwanza ni unyoya wa kuku. Mtoto huuweka kiganjani na kuupuliza ili utikisike, usiruke. Ukiruka, amepuliza kwa nguvu, aanze upya. Wa pili ni kikombe cha chai ya kuwazia: hunusa kwa pua kwa hesabu ya tatu, kisha huipoza kwa mdomo kwa hesabu ya tano. Mara tano zatosha; akihisi kizunguzungu, aache na apumue kama kawaida.

Tulikuwa na mvulana wa miaka 7 ambaye kila siku baada ya Alasiri, wazazi wa wenzake walipoanza kufika, tumbo lilimsokota na machozi yakamtoka. Kwa wiki mbili tulicheza unyoya na watoto wote mara tu baada ya chakula, naye akiwa na furaha, kwa sababu moyo uliojaa hofu haupokei somo jipya. Kisha tukawa tunakaa naye mkekani kabla ya mzazi wa kwanza kubisha hodi. Dalili ya kutulia haikuwa ukimya, maana mtoto aweza kunyamaza huku ameganda kwa woga. Ilikuwa mabega kushuka, na yeye mwenyewe kuuliza mpira uko wapi.

Hata hivyo, unyoya haukumjibu swali lake: "Nani atanichukua leo?" Tulimwomba mama yake amwambie kila asubuhi ni nani atakayekuja na saa ngapi, nasi tukamkumbusha mchana. Hapo ndipo machozi yalipopungua kweli.

Mzazi atambue pia mpaka wa michezo hii. Mtoto anayekoroma kifuani au kubanwa anapopumua huenda ana pumu. Huyo apelekwe hospitali, si kwenye mkeka. Vilevile hofu ikimnyima usingizi au chakula kwa wiki kadhaa, aonwe na daktari.