Utando mweupe kinywani: karibu wanikate kilimi

Ndugu msomaji, umekwisha kumeza mate na kuona kama unameza mwiba wa samaki? Ndivyo ilinipata kwetu Lweba. Ugali na ndagala, chakula nilichokizoea tangu utoto, nilikirudisha kwenye sahani. Ulimi na mashavu ya ndani vilikuwa vyeupe kama maziwa yaliyoganda.

Mama akaangalia, akasema: "Mwanangu, hii ni kilimi. Inapashwa kukatwa." Jirani alikwisha kumtaja mzee mmoja mwenye wembe. Nashukuru nilipitia kwanza kwa munganga.

Yeye alifunga kitambaa safi kwenye kijiti, akapangusa ule weupe. Ukatoka, chini yake pakabaki pekundu, pakatoa damu kidogo. Mabaki ya maziwa hayafanyi hivyo. "Kilimi chako hakina kosa," akasema, "hii ni kuvu, jina lake kandida." Halafu akaniuliza dawa ninazotumia.

Mimi niko na asima. Kila asubuhi na usiku navuta pompi ya beklometazone, na wiki ile nilikuwa nimemaliza amoksisiline juu ya kifua. Kumbe kuvu hiyo inaishi kinywani mwa watu wengi bila kuleta neno. Vijidudu vingine vinaibana. Amoksisiline iliua vijidudu hivyo, na dawa ya pompi, ambayo sehemu kubwa inabaki kooni, ilipunguza ulinzi wa pale pale. (Pompi ya salbutamole, ile ya kufungua pumzi upesi, si ya namna hii.)

Alinipa nistatine ya maji: mililita 1 mara 4 kwa siku, baada ya kula, kuizungusha kinywani kwa muda kabla ya kumeza. Weupe ulipungua, lakini maumivu ya kumeza yalibaki nyuma ya mfupa wa kifua. Hapo akajua kuvu imeshuka kwenye njia ya chakula, ambako nistatine haitoshi. Alinipima Sida, kwa sababu kuvu ikifika huko inapashwa kupima. Nilitetemeka, bila kuficha. Haikuwamo. Nikapewa flukonazole, miligramu 200 kila siku kwa siku 14. Mama mwenye mimba aseme kwanza, dawa hiyo haimfai hivi hivi. Siku chache tu, nikala ndagala zangu.

Nilitaka kutupa pompi. Akanikataza kabisa: asima inaua, kuvu hii inapona. Kosa langu lilikuwa kuvuta usiku na kulala palepale, juu ya uvivu wa kutafuta maji gizani. Sasa kikombe kiko kando ya kitanda: navuta, nasukutua hata kooni, natema, simezi. Tena navutia ndani ya chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa pompi. Mwaka 1999 waganga wa Afrika Kusini walionyesha kwamba chupa ya namna hiyo inafaa kwa watoto wenye asima. Matone makubwa yanabaki kwenye chupa, si kooni mwangu.