Koki ya Robo Tatu

Katika mwaka wangu wa pili wa kuhudumu Pemba, koki ya kukatia maji kwenye tangi la nyumba ya mchungaji ilianza kuvuja. Ilikuwa inadondosha tu, lakini tangi lile ni la maji ya mvua, na kiangazi tone moja moja lina hesabu yake. Koki nyingine ya namna hiyo, kwenye bomba linalokwenda choo cha kanisa, nayo ilikuwa imeshika kutu na haifungi tena. Wazee wa kanisa wakakubali zinunuliwe mbili. Mtunza hazina akanipa shilingi 36,000, kwa kuwa tuliambiwa koki nzuri ya shaba, ile yenye mkono mwekundu, ni 18,000.

Fundi alikuwa amesafiri kwenda Unguja. Nikasema kazi hii ndogo, nitaifanya mwenyewe.

Nikachukua futi ya fundi cherehani, nikapima bomba kwa nje. Ikaonyesha robo tatu inchi na zaidi kidogo. Nikaandika kwenye karatasi: koki mbili, robo tatu. Asubuhi nikapanda gari kutoka Wete hadi Chake Chake, nikaingia duka moja la vifaa vya ujenzi, nikamwambia kijana wa dukani, "Naomba koki za robo tatu, mbili." Akanipa alichoombwa. Hakuuliza zaidi, wala mimi sikumpa nafasi ya kuuliza, maana nilizungumza kama mtu anayejua.

Kosa langu walifanya wengi kabla yangu, na ni vema nilieleze. Bomba la chuma linaloitwa la nusu inchi halina nusu inchi mahali popote ukilipima kwa nje. Jina lile lilitokana na tundu la ndani, tangu zamani. Kwa nje lina milimita 21 hivi, na robo tatu inchi ni milimita 19. Kwa hiyo mtu akipima nje ya bomba la nusu inchi, futi itamwambia robo tatu na kitu, naye ataamini. Bomba la robo tatu lenyewe, kwa nje, lina karibu milimita 27. Mabomba ya plastiki ya siku hizi yanayounganishwa kwa moto yamezidisha utata, kwa sababu hayo huitwa kwa kipimo cha nje: la milimita 20 ndilo linaloshika nafasi ya nusu inchi, na la 25 nafasi ya robo tatu. Fundi hapimi. Anakata kipande cha bomba la zamani chenye meno, anakwenda nacho dukani, anakizungusha kwa mkono ndani ya koki mpya. Kikishika na kwenda mizunguko mitatu au minne kabla ya kukaza, ndicho.

Mimi nilirudi Wete na koki zangu, nikafunga maji, nikafungua ile ya zamani, nikaleta mpya. Ikavaa bombani kama kofia ya babu kichwani kwa mjukuu. Haikushika jino hata moja. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilizungusha tepu nyeupe ya mafundi, nikazungusha tena, nikidhani tepu itaziba pengo, kisha nikabana koki kwa spana ya bomba na kuisukuma kwa nguvu. Meno ya spana yakaacha alama kwenye shaba. Nilipofungulia maji, nililowa kuanzia kifuani hadi miguuni. Mke wangu alitazama kutoka mlangoni, hakusema neno, akaenda kuleta ndoo.

Koki ya pili ilikuwa bado ndani ya boksi lake.

Jioni ile mmoja wa wazee wa kanisa alipita. Alinihurumia. Akaniambia kwa nia njema kabisa, "Mchungaji, kesho rudi dukani, sema wewe uliomba nusu inchi na kijana akakupa robo tatu. Watabadilisha bila maneno." Nikamwambia nitafikiri. Na kweli nilifikiri, usiku kucha nusu yake. Lile duka lina kibao ukutani, kimeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Fedha ni ya sadaka. Na mimi, mtu wa bara, mchungaji katika kisiwa ambacho karibu watu wote ni Waislamu, sikupenda kuonekana sijui hata kununua koki.

Kulipopambazuka nilikuwa bado sijaamua. Garini nilikaa dirishani, nikaitoa ile koki iliyojeruhiwa, nikaanza kuondoa nyuzi za tepu kwenye meno kwa njiti ya kiberiti, uzi mmoja mmoja. Nilikuwa nimefika katikati ndipo nikajiuliza ninafanya nini. Nilikuwa naipamba ionekane haijafungwa. Mkono ulikuwa umeshaamua kabla ya kinywa.

Wiki hiyohiyo vijana wa kipaimara walikuwa wamefika amri ya nane katika Katekisimo Ndogo. Martin Luther, mwaka 1529, hakutosheka kutuambia tusimsingizie jirani. Alitaka pia tumtetee na kulieleza jambo lake kwa uzuri. Vijana walikuwa wameikariri mbele yangu. Na jirani katika habari yangu alikuwa na sura: kijana wa dukani, wa miaka ishirini hivi, ambaye duka likipata hasara kwa kosa lake, bila shaka lingekatwa kwenye ujira wake. Uongo ule mdogo wa kubadilisha koki ungelipwa na yeye. Nikaiweka koki mfukoni na nyuzi zake zilizobaki.

Dukani alikuwepo mwenye duka mwenyewe, mzee wa makamo ya baba yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, padri. Karibu. Wete hawajambo?"

"Hawajambo, tunashukuru. Mzee, nimekuja na ombi, na ukilikataa sitakuona vibaya. Jana nilinunua koki hizi mbili hapa. Kijana wako alinipa sawasawa na nilivyomwomba. Niliyekosea ni mimi, nilipima bomba kwa nje. Ninayohitaji ni ya nusu inchi. Hii moja haijatoka kwenye boksi. Hii nyingine nimejaribu kuifunga kwa spana, alama unaziona. Risiti hii hapa. Naomba, kama inawezekana, unibadilishie."

Kijana alikuwa nyuma ya meza, amesimama kimya tangu nilipoitoa koki. Niliona mabega yake yakishuka.

Mzee aliichukua ile ya boksi kwanza. Akaangalia meno, akafungua na kufunga mkono mwekundu mara mbili, akaitazama karatasi ya ndani. Kisha akaichukua ile nyingine, akaipitisha kidole kwenye alama za spana, akacheka kidogo.

"Yakhe, hii umeipiga."

"Nimeipiga, mzee."

Akanieleza jambo ambalo chuo cha theolojia hakikunifundisha. Alisema kwao, katika sheria ya dini, kitu kikiwa na aibu iliyokuwepo tangu dukani, mnunuzi ana haki ya kukirudisha, na muuzaji hana pa kukunja uso. Lakini kitu kikiwa kizima, na mnunuzi ndiye aliyekosea au aliyejuta, biashara imeshakwisha walipoachana, na hakuna wa kumlazimisha muuzaji. Hapo linabaki lile wanaloliita ikala, yaani muuzaji kukubali kwa hiari yake kuivunja biashara, bei ileile, bila kupunguza wala kuongeza. Akasema mwenye kumfanyia hivyo mtu aliyejikwaa hutumaini naye Mungu atamwondolea kujikwaa kwake.

Nilisimama pale nikiwa na kofia mkononi. Kwa miaka yote nimefundisha tofauti kati ya tunachodai na tunachopewa, na mifano yangu ilikuwa ya mahakama na wafalme. Huyu mzee aliiweka juu ya meza ya duka. Koki mbovu ningeidai. Koki nzima niliyoichagua vibaya niliweza kuiomba tu, na aombaye hana budi kueleza kwanza kilichotokea kwa kweli, maana la sivyo anayempa anasamehe jambo ambalo halikutokea. Kama ningemsingizia kijana, mzee angenibadilishia kama haki yangu, na ile hiari yake ningekuwa nimemwibia.

"Na kibao?" nikamuuliza, nikikionyesha.

"Kibao ni cha wanaokuja na ubishi."

Nakiri kibao kile sikipendi hata leo, ila namwelewa aliyekitundika.

Kisha akafanya kitu kwa utaratibu. Hakuchukua koki moja na kunipa nyingine. Alitoa shilingi 18,000, akaniwekea mkononi, akaiweka koki ya boksi upande wake wa meza. "Hiyo imekwisha. Sasa unataka kununua nini?" Nikamwambia koki mbili za nusu inchi. Bei yake ilikuwa 12,000 moja, jumla 24,000. Nikamrudishia zile 18,000 na kuongeza 6,000 zangu.

Ile ya pili aliisukuma kwangu taratibu. "Hii siwezi, padri. Nikiipokea, nitamuuzia nani? Nikimuuzia mtu kama mpya nitakuwa nimemdanganya, na yeye atakuwa na haki ya kunirudishia." Sikuwa na la kujibu. Alikuwa amenionyesha kwa sentensi moja mpaka wa ombi langu: wema wake ungeweza kunifikia mimi, lakini si kwa kumpitishia hasara mnunuzi wa kesho.

Kijana akaniuliza kama nimekuja na kipande cha bomba. Sikuwa nacho. Akaenda nyuma, akaleta kipande cha nusu inchi cha dukani, akakizungusha ndani ya koki mpya kwa vidole viwili mbele ya macho yangu. Mmoja, miwili, mitatu, ikakaza. Akafanya vivyo kwa ile ya pili. "Kabla ya kufunga tepu, jaribu hivi," akaniambia, kwa heshima sana, kama mtu anayemfundisha mwalimu wake.

Jumapili baada ya ibada nilimweleza mtunza hazina hesabu yote. Usharika ulihitaji koki za 24,000, nami nilikuwa nimepewa 36,000, kwa hiyo nikarudisha 12,000 kutoka mfukoni kwangu. Koki iliyopigwa ikawa yangu, kwa 18,000. Yule mzee wa kanisa aliyenishauri alikuwa amekaa karibu, akasikia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo alikubali moja?" Nikamwambia moja. Akatikisa kichwa, akaenda kutazama tangi.

Ile koki ya robo tatu iko juu ya rafu ya vitabu ofisini. Mkono wake mwekundu bado unafungua na kufunga vizuri, na kwenye meno yake kuna nyuzi chache za tepu nyeupe ambazo sijazitoa.